Picha ya viza: kubadilisha rangi ya nyuma

"Nilipigia kwenye ukuta wa kijani, nikaweka nyeupe kwa programu. Mbona imekataliwa?"

Kwa sababu programu haibadilishi ukuta tu, inakata upya ukingo wa kichwa. Ivute picha hadi 200% uangalie nywele na masikio: nywele ndogo za pembeni zimelambwa, au kuna utepe mwembamba wa kijani uliobaki. Shavuni pia rangi ya ukuta huwa imeakisi, na hiyo haiondoki na mandhari. Marekani na Uingereza zote hazitaki picha iliyochezewa kwa kompyuta.

Unachoruhusiwa ni kukata pembeni, kunyoosha picha iliyolala kidogo na kupunguza ukubwa. Kwa DS-160, fomu ya kuomba viza ya Marekani, iwe mraba, pikseli 600 hadi 1200 kila upande, faili isizidi kB 240. Kurekebisha mwanga wa picha nzima kuna utata, mimi ningeuacha ulivyo. Piga upya: simama kama mita moja mbele ya ukuta mweupe, dirisha likiwa mbele yako, kivuli kitapotea chenyewe.

— Yangu ilibadilishwa nyuma na ikapita. Shida ni rangi tu, nyeupe isiwe ya kijivu.

— Inaweza kupita, ndugu, hasa mwenye kipara au nywele fupi. Ila rangi si kila kitu, na Uingereza hiyo kijivu hafifu inakubalika. Kufuta chunusi je? Hapana, acha uso ulivyo.