Wateja Watatu, Mdaiwa Mmoja: Namna ya Kulitambua Kundi la Kampuni Lililojificha

Kazi yangu ni kutunza hesabu za wadeni katika duka la jumla la vifaa vya ujenzi hapa Malindi. Sehemu kubwa ya saruji, mabati na nondo zetu hutoka kwa mkopo, kwa sababu wanaojenga nyumba za wageni kuanzia Mayungu hadi Watamu hulipwa kwa awamu, nao hutaka kutulipa vivyo hivyo. Kila mteja ana kikomo chake cha deni. Hatari ambayo wenye maduka wengi hawaioni imo humo: kikomo hulilinda duka endapo wateja ni watu mbalimbali kweli. Kampuni tatu zinazoshikwa na mkono mmoja zikipewa kikomo kwa kila moja, mtu huyo amepata mara tatu ya deni ambalo mwenye duka angekubali kumpa, na siku akikwama, zote hukwama pamoja.

Sheria nayo haimsaidii mwenye duka aliyelala. Tangu kesi ya Salomon ya mwaka 1897 kule Uingereza, ambayo mahakama zetu za Kenya huifuata, kila kampuni ni mtu wake peke yake mbele ya sheria. Deni la kampuni moja huwezi kulidai kwa kampuni dada yake kwa sababu tu zina mwenye mmoja, isipokuwa mahakama ione kampuni imetumiwa kwa ulaghai, jambo lisilothibitishwa kwa urahisi. Kwa hivyo uhusiano ugunduliwe kabla mzigo haujapakiwa.

Kazi huanzia kwenye daftari la wateja lenyewe, nalo huwa limevurugika. Namba moja ya simu huandikwa kwa sifuri mwanzoni, kwa +254, au kwa nafasi katikati, na kompyuta huziona kuwa namba tofauti. Katika Excel mimi hutengeneza safu mpya ya namba zilizonyooshwa, kisha nikahesabu kila moja imejirudia mara ngapi:

```
="254"&RIGHT(SUBSTITUTE(A2," ",""),9)
=COUNTIF(B:B,B2)
```

Mteja aliyeandika namba mbili katika kisanduku kimoja huwekewa mistari miwili, la sivyo fomyula hubaki na tarakimu tisa za mwisho tu na namba ya kwanza hupotea.

Anwani zahitaji uangalifu zaidi. Namba ya sanduku la posta bila msimbo wake haisemi kitu, kwa kuwa Malindi ni 80200, Watamu ni 80202 na Lamu ni 80500, na sanduku lenye namba ileile laweza kuwapo katika kila mmoja wa miji hiyo. Tena mgeni wa pwani hudanganyika na anwani iliyoandikwa Barabara ya Lamu, akadhani kampuni iko Lamu, ilhali barabara hiyo iko papa hapa Malindi mjini.

Ukishapata namba au sanduku linalojirudia, usikimbilie kusema umeliona kundi. Swali la kujiuliza ni hili: ni wangapi wengine wanaoshiriki alama hiyo, na ni nani aliyeiandika? Katika daftari letu, sanduku moja la Malindi lilikuwa la wateja kumi na mmoja, miongoni mwao fundi wa injini za boti, muuza samani na shule ya chekechea. Sanduku hilo ni la ofisi ya mhasibu ambaye huwasajilia watu kampuni zao na kuwapokelea barua. Alama inayoshirikiwa na umati wa namna hiyo naihesabu kuwa si kitu. Simu nayo yaweza kuwa ya kijana wa saiba aliyejaza fomu kwenye eCitizen akaweka namba yake. Njia nyepesi ya kujua ni kuipiga na kuuliza oda ya kampuni fulani imefikia wapi, anayejibu kwa kuifahamu oda hiyo ni mtu wa kampuni, na anayeuliza "kampuni gani hiyo?" ni mjazaji fomu.

Kwa upande wa wakurugenzi, hati ya kuitegemea ni CR12, ambayo yeyote aweza kuiomba kwa Msajili wa Kampuni kupitia eCitizen na kulipa ada. Huonyesha wakurugenzi, wanahisa, na kila mmoja ana hisa ngapi. Watu wengi huisoma safu ya wakurugenzi wakaishia hapo, na hilo ndilo linalowapotosha, kwa sababu mkurugenzi huweza kuwa mwajiriwa tu. Safu ya hisa ndiyo yenye habari.

Majina yetu ya pwani pia yana hesabu yake. Omar Salim Bakari na Bakari Omar Salim huonekana kama jina moja lililopinduliwa, lakini anayejua namna tunavyoitana ataona uwezekano wa baba na mwanawe, kwa kuwa la pili ni jina la baba na la tatu ni la babu. Mohamed huandikwa kwa m moja au mbili, na kwa wageni wa Kitaliano, ambao Malindi si haba, karatasi moja hutanguliza jina la ukoo na nyingine hulimalizia. Na majina mengine ni ya kawaida mno hata mawili kati ya matatu yakifanana hayathibitishi lolote. Mimi hutaka majina yote matatu yafanane pamoja na anwani ya mtu mwenyewe, si ya kampuni.

Sasa nieleze kisa kimoja, nikiwaacha wahusika bila majina. Wateja watatu walikuwa na kikomo cha shilingi 400,000 kila mmoja. Kampuni ya ujenzi ilidaiwa 380,000, kampuni inayosimamia nyumba za kukodi ilidaiwa 350,000, na kampuni ya malori ya mchanga na kokoto ilidaiwa 290,000. Hakuna aliyevuka mpaka. Nilipozinyoosha namba za simu, ile ya ujenzi na ile ya nyumba za kukodi ziligongana, na namba hiyo haikuwa ya mteja mwingine yeyote. Sanduku la posta liliiunganisha ya ujenzi na ya malori, lakini lilikuwa ni lile la mhasibu, kwa hiyo nikaliweka kando. CR12 zilipofika, bwana mmoja alikuwa mkurugenzi wa kampuni ya nyumba na pia wa kampuni ya malori. Kampuni ya ujenzi ilikuwa na mkurugenzi kijana ambaye hakuonekana popote pengine.

Kwa mtazamo wa haraka, basi, nyumba na malori ni kundi, na ujenzi imeponyoka. Hisa zilisema kinyume chake. Katika kampuni ya malori bwana yule hakuwa na hisa hata moja. Zote zilikuwa za ndugu wawili. Katika kampuni ya nyumba hisa zote 1,000 zilikuwa zake. Na katika kampuni ya ujenzi, kijana alikuwa na asilimia 20, huku asilimia 80 zikishikwa na kampuni nyingine ambayo sisi hatukuwahi kuiuzia hata msumari. Hapo ndipo wengi husimama. Mwanahisa akiwa ni kampuni, omba CR12 yake pia, na uendelee hivyo hadi ufike kwa binadamu. Ya kampuni hiyo ilionyesha kwamba bwana yuleyule ana asilimia 60.

Tajiri wangu alizidisha akasema: asilimia 60 ya 80 ni 48, hajafika nusu, basi si yake. Hesabu hiyo ni sahihi ukitaka kujua fungu lake katika faida, lakini haifai kupima nani anatawala. Aliye na zaidi ya nusu ya kura katika kampuni mama huamua kampuni mama ipige kura namna gani, na kampuni mama yenye 80 huamua mambo ya kampuni tanzu. Utawala hupita kamili katika kila ngazi yenye wingi wa kura, hauzidishwi ukapungua. Sheria yetu ya Kampuni ya mwaka 2015 nayo huitambua kampuni tanzu kwa wingi wa kura au kwa haki ya kuteua na kuondoa wengi wa wakurugenzi.

Nilikuwa na ushahidi mwingine ambao kwangu una uzito kushinda karatasi zote: nani hulipa. Katika taarifa ya benki, ankara kadhaa za kampuni ya ujenzi zilikuwa zimelipwa kutoka akaunti ya kampuni ya nyumba. Kampuni ya malori ilikuwa ikijilipia yenyewe siku zote.

Tukawaunganisha wale wawili katika kadi moja yenye deni la 730,000 na tukasimamisha mzigo. Bwana alikuja dukani akiwa ametulia. "Mzee, hizi ni biashara mbili," alimwambia tajiri. "Ya ujenzi ni ya huyu kijana." Tajiri alimwonyesha karatasi ya hisa, naye hakubisha tena, akauliza tu tunataka nini. Tulitaka kikomo kimoja cha 600,000 kwa zote mbili, deni lishushwe hadi hapo, na dhamana yake binafsi iliyotiwa sahihi. Dhamana ya mdomo haifai kitu hapa, kwani Sheria ya Mikataba, Sura ya 23, haikubali kumshtaki mtu kwa ahadi ya kulipa deni la mwingine isipokuwa iwe kwa maandishi na amesaini. Alisaini. Kampuni ya malori tuliiachia kikomo chake, ila kwenye kadi yake niliandika kwamba mkurugenzi wake mmoja yuko upande ule.

CR12 ina mipaka yake. Haimwonyeshi mtu aliyeshikiwa hisa na shemeji au dereva wake. Tangu mwaka 2020 kampuni zinatakiwa kumwandikisha kwa Msajili mmiliki halisi mwenye angalau asilimia 10 za hisa au kura, lakini daftari hilo halikufunguliwa kwa kila mtu kama ilivyo CR12. Kwa hivyo tunamtaka mteja mwenyewe, anapoomba kikomo, aandike na kusaini ni nani wamiliki halisi na kampuni gani nyingine wanazitawala; akidanganya, tuna maandishi yake.

Pia CR12 ni picha ya siku ilipotolewa. Nilipoiomba upya ile ya kampuni ya malori mwaka uliofuata, jina la bwana yule halikuwamo tena, na mtu ambaye angeanza kazi siku hiyo asingeona uhusiano wowote. Hati ya zamani tunayo kwenye faili, na maandishi yangu kwenye kadi bado sijayafuta.