Ripoti ilisema L4/L5, dokta akasema neva ya L5: kumbe wote walikuwa sahihi

Mimi ilianza na ndala. Natembea ndani ya nyumba, ndala ya kushoto inachomoka yenyewe, nikadhani imechakaa, nikabadilisha, mpya nayo ikachomoka. Wakati huo tayari nilikuwa na wiki mbili za maumivu yanaanzia takoni, yanashuka pembeni ya paja mpaka juu ya unyayo kama waya wa umeme, na mgongo wenyewe, amini usiamini, ulikuwa hauniumi sana. Kwa hiyo nikawa natibu mguu. Nilipaka dawa za kuchua mpaka nyumba nzima inanuka, na tatizo liko kiunoni.

Dokta alinifanyia vitu vidogo tu. Akaniambia tembea kwa visigino, mguu wa kushoto ukagoma, unyayo ukawa unadondoka. Akashika kidole gumba cha mguu akaniambia kivute juu nami nakisukuma chini, cha kulia kikamshinda, cha kushoto akakikunja kama cha mtoto. Halafu nikalala chali akaninyanyua mguu ukiwa umenyooka, haujafika hata nusu ya kusimama wima nikapiga kelele, umeme ulishuka mpaka chini ya goti. Akasema hii ni neva ya L5, yaani ya pingili ya tano ya kiuno. Nikaenda kupiga MRI, majibu yakaja: diski, ule mto unaokaa kati ya pingili na pingili, imetoka kati ya L4 na L5. Nikaiangalia ile ripoti nikasema mbona kama inatajwa L4 kwanza, si ingebanwa neva ya L4? Hili swali lilinisumbua mpaka nikalifuatilia, na likishaeleweka ripoti ya mgongo haikutishi tena.

Anza na pingili moja tu. Mbele ina gogo nene la mfupa, hilo ndo linabeba uzito. Nyuma ya gogo kuna upinde wa mfupa, umeungana na gogo kwa viguzo viwili vifupi, kimoja kulia kimoja kushoto. Kati ya gogo na upinde kuna tundu, na ukipanga pingili moja juu ya nyingine yale matundu yanakuwa mfereji ambamo uti wa mgongo unapita. Kwenye upinde kuna vichomozo saba: mmoja unaelekea nyuma (ule unaougusa ukipitisha kidole katikati ya mgongo), viwili vya pembeni vya kushikiza misuli, na vinne vidogo vinavyofanya viungo na pingili ya juu na ya chini. Sasa vile viguzo vina mkato kwa juu na kwa chini, ule wa chini ni mkubwa zaidi, kwa hiyo pingili mbili zikikaa pamoja ile mikato inakutana inatengeneza dirisha kila upande, na hapo ndo neva inatokea nje.

Neva za kiunoni zinapewa jina la pingili iliyo juu ya dirisha. Neva ya L4 inatokea dirisha lililo kati ya L4 na L5, ila inatoka imejibana juu kabisa, chini ya kiguzo cha L4. Diski ya L4/L5 iko usawa wa chini wa dirisha hilo hilo. Yaani diski inapopasuka neva ya L4 ilishatoka zake juu. Anayepita nyuma ya hiyo diski muda huo ni neva ya L5, bado iko ndani ya mfereji inashuka kuelekea dirisha lake la chini, ndo inagongwa. Kwa hiyo kiunoni diski ya kawaida inabana neva yenye namba ya pingili ya chini: L4/L5 inabana L5, L5/S1 inabana S1, yaani ya pingili ya kwanza chini ya kiuno. Diski ikitokea pembeni kabisa, nje ya dirisha, ndo inaweza kumkamata yule wa juu, lakini hiyo si ya kila siku.

Na kwa nini inatoka nyuma na pembeni, isitoke mbele? Diski ni pete ya nyuzi ngumu kwa nje na jeli nzito kwa ndani, na ile pete nyuma ni nyembamba kuliko mbele. Katikati ya nyuma kuna kano ndefu inayoilinda, ila kano hiyo ikifika kiunoni inakuwa nyembamba, pembeni zake zinabaki wazi. Hapo ongeza mkunjo wa mgongo. Tumezaliwa na mgongo uliopinda kwa nyuma kifuani na kwenye ule mfupa wa mgongo ulio chini ya kiuno, ule mkunjo wa shingo unaoelekea mbele unakua mtoto akianza kuinua kichwa, wa kiunoni anapoanza kusimama na kutembea. Mkunjo wa kiunoni ukikaa sawa uzito unagawanyika. Ukikaa umejikunja au ukainama kuokota kitu kizito, mkunjo unanyooka au unageuka kabisa, mbele ya diski inabanwa na jeli inasukumwa nyuma, kule kule kwenye udhaifu. Ndo maana mimi kukaa kulikuwa adhabu, kukohoa ndo usiseme, na kusimama kulikuwa nafuu.

Neva haiumi kwa kubanwa peke yake, ile jeli ikimwagika inawasha na kuvimbisha mzizi wa neva, ndo maana watu wawili wana picha zinazofanana mmoja analia mwingine anacheza mpira. Wapo wengi wenye diski zilizovimba kwenye MRI na hawana dalili yoyote, kwa hiyo usiisome picha bila mguu. Ukishindwa kutembea kwa visigino na juu ya unyayo kuna ganzi, fikiria L5. Ukishindwa kusimama kwa ncha za vidole vya mguu mmoja, ganzi iko pembeni ya nje ya unyayo kule kidole kidogo, fikiria S1. Kama ripoti inataja diski moja na mguu unaonesha neva nyingine, muulize dokta kabla ya kukubali kisu.

Kitu kimoja usisubiri hata kesho: ganzi ya sehemu unazokalia kwenye baiskeli, mkojo kugoma kutoka au kutoka bila kujua, au haja kubwa kushindwa kuizuia. Hapo diski inabana fungu zima la neva, ni hospitali saa hiyo hiyo hata iwe usiku wa manane. Na ulegevu wa mguu ukizidi siku hadi siku rudi haraka, usivumilie.

Mimi nilikuwa na ulegevu ambao hauongezeki, tukakubaliana kusubiri huku wananiangalia. Siku mbili tatu za kupumzika, dawa za maumivu, kisha kutembea kidogo kidogo na mazoezi ya fizio, kukaa kwa muda mfupi tu. Wengi hupata nafuu ndani ya wiki kadhaa bila upasuaji kwa sababu kile kipande kilichotoka mwili wenyewe unakila, na cha kushangaza kikubwa ndo mara nyingi kinasinyaa zaidi. Wiki ya sita umeme ukaisha. Kidole gumba kilichukua miezi minne kupata nguvu. Ndala haichomoki tena, ila kile kijisehemu kati ya gumba na kidole cha pili bado nikikigusa nahisi kama nimevaa soksi.