Tiki ya "Amethibitishwa" inathibitisha nini hasa?

*"Kaka habari, tuna apu ya kuuza simu za mkononi zilizotumika hapa Dar, wauzaji wote tumewawekea tiki ya 'Amethibitishwa' ila wateja bado wanagoma kutuma hela mpaka waishike simu. Tunafikiria kubadilisha nembo na rangi, unashaurije?"*

Salama dada. Nembo iacheni kwanza, shida iko kwenye hiyo tiki. Mtu anayetaka simu ya laki tatu na nusu akiona "Amethibitishwa" anaelewa muuzaji ni mwaminifu na simu ni nzima, wakati nyie nahisi mliangalia picha ya kitambulisho tu, kwa hiyo siku akiletewa simu yenye kioo feki, kwake yeye aliyemdanganya ni apu yenu, huyo muuzaji hata jina halikumbuki.

Alibaba, soko la mtandaoni la China, yaliwakuta haya. Walikuwa na beji ya Gold Supplier, muuzaji anailipia na anatakiwa akaguliwe kwanza. Februari 2011 wakatangaza wenyewe kwamba wauzaji zaidi ya 2,300 wenye hiyo beji walitapeli wanunuzi mwaka 2009 na 2010, na kwamba watu wao wa mauzo kama 100 hivi waliwapitisha, wengine makusudi, wengine kwa uzembe. Bosi wao David Wei akajiuzulu ingawa hakuhusika na utapeli. Sasa jiulizeni kwenu nani anabonyeza "pitisha", maana kama ndiye huyo huyo anayelipwa kwa idadi ya wauzaji aliowaleta, mtenganisheni leo.

Halafu hiyo tiki moja ivunjeni, kila kitu kiandikwe kama mlivyokiona na tarehe yake: "NIDA imekaguliwa Machi 2025", "Jina la laini ya malipo linafanana na la NIDA", "Duka tumelitembelea". Hiyo ya laini ndio naiona ya maana kuliko zote, kwa sababu tapeli anaweza kununua akaunti yenye sifa nzuri kwa mtu, ila hela lazima aivute kwenye namba yake. Kwa hiyo muuzaji akibadilisha namba, malipo yake yasimame na ukaguzi uanze upya, hata kama ana oda 300 safi. Kwa upande wa simu, muuzaji apige picha kioo kikionyesha IMEI baada ya kubonyeza `*#06#`, na boda abonyeze tena mbele ya mteja walinganishe. Hapo mmejua ni simu ile ile, ila betri na kioo bado hamjavijua, basi msiviandike kwenye beji.

Kile msichoweza kukikagua ndio kinabebwa na ahadi, na iwe moja: "Muuzaji halipwi mpaka ukae na simu siku 2, ikiwa tofauti na tangazo tunaifuata na hela yako inarudi ndani ya saa 48." Taobao, soko jingine la mtandaoni la China, walianza hivi na mfumo wao wa malipo wa Alipay mwaka 2003, hela inashikiliwa mpaka mnunuzi aseme nimepata. Ila msizishike nyie kwenye akaunti yenu, Tanzania kuna sheria ya mifumo ya malipo ya 2015 na leseni ya BoT, piteni benki au kampuni yenye leseni.

Pigeni hesabu kabla hamjaahidi. Tuseme mna oda 200 kwa mwezi, wastani 350,000, kamisheni asilimia 6, mnapata 4,200,000. Malalamiko 6, boda kwenda na kurudi 10,000 kila moja, hiyo 60,000, na tuseme moja simu inapotea njiani mnafidia wenyewe 350,000. Jumla 410,000, kama sehemu ya kumi ya kamisheni, inabebeka. Ila mkiandika waranti ya siku 30, muuzaji ameshalipwa zamani, zile 6 zote zikiwaangukia ni 2,100,000, nusu ya kamisheni imeondoka, na hapo ndipo watu huanza kukwepa simu za wateja.

Niliwahi kufanya kazi na soko moja, tangazo lilisema siku 7, meseji ya oda siku 3, na huduma kwa wateja wanajibu "ongea na muuzaji". Wateja walikuwa wanarusha skrinshoti za hizo tatu pamoja na hatukuwa na la kujibu. Tulichofanya ni kuandika sentensi moja tu, ikaingia kwenye tangazo, kwenye meseji, na kwenye karatasi anayosoma boda, na dada wa huduma kwa wateja akapewa ruhusa ya kurudisha hela mpaka 400,000 bila kumsubiri meneja, kwa sababu ahadi ya saa 48 haiwezi kutimia kama meneja yuko safari.

Kesho pigia watu wako watano, boda mmojawapo, uliza kila mmoja peke yake mteja ana siku ngapi za kurudisha simu. Ukipata majibu mawili tofauti, anzia hapo. Na kila Ijumaa hesabu marejesho mangapi yalitoka ndani ya saa 48, hiyo namba ndio muiweke kwenye ukurasa wa mbele, hata kama mwezi wa kwanza ni 4 kati ya 6.