Barua kwa mwanangu: habari za jogoo na mtungi

"Baba, naona aibu kuuliza ila sina mwingine wa kumuuliza. Nina miaka 46. Hamu ninayo, lakini kusimama si kama zamani, na mara mbili mwezi huu mambo yamekatika njiani. Huu ni uzee au ni ugonjwa? Na nikienda kwa daktari naanzaje? Nikifika mlangoni maneno yananikauka."

Mwanangu,

Ujumbe wako ulinikuta barazani. Niliusoma, nikaiweka simu mfukoni, nikaenda kupogoa migomba ambayo haikuwa na haja ya kupogolewa. Unajua kwetu haya ni maneno ya babu na mjukuu. Baba na mwana wanaongea ada na bei ya kahawa. Lakini babu yako amelala kihambani, na mjomba wako ukimwambia Jumamosi, Jumapili kanisa zima linajua. Basi nakujibu mimi, na nakujibu kwa maandishi, maana uso kwa uso tusingeweza wote wawili.

Umri una mwendo wake, na mwendo huo ni wa kinyonga. Ukiwa na miaka 20, kanga ikipeperushwa na upepo kwenye kamba ya nguo inatosha. Ukifika 50 kanga haitoshi, mwili unataka kuguswa, tena bila haraka. Kusimama kunachukua muda, na ugumu hauwi ule wa ujana hata mambo yakienda vizuri. Ukishamaliza, kijana anapumzika nusu saa akarudi, lakini mimi kwa miaka yangu 71 napumzika siku mbili na sioni kama nimeibiwa. Hamu nayo inapungua polepole, kwa sababu homoni ya kiume, testosteroni, inashuka kidogo kila mwaka, kama asilimia moja hivi, kuanzia kwenye miaka ya 30 au 40. Haya yote yanakuja kwa miaka. Hayaji kwa mwezi mmoja.

Wewe hukuniambia hayo. Umesema hamu ipo, chombo ndicho kinagoma. Homoni ikipungua sana, kinachoondoka kwanza mara nyingi ni hamu yenyewe. Hamu ikiwepo na kusimama kukashindikana, fikiria damu kwanza.

Unaikumbuka mifereji ya wazee, ile tuliyokuwa tunapokezana maji kwa zamu? Mfereji mkuu ukianza kujaa tope, huoni kitu pale juu, maji bado yanapita. Anayelia kwanza ni yule wa mwisho mwenye kijimfereji chembamba. Mwilini ni hivyo hivyo. Mishipa inayopeleka damu kwenye uume ina upana wa milimita moja au mbili. Ile inayolisha moyo ina tatu au nne. Mafuta, presha, sukari na sigara vinaichafua mishipa yote kwa pamoja, lakini ule mwembamba ndio unaolalamika kwanza, wakati mwingine miaka miwili hadi mitano kabla moyo haujaonyesha dalili yoyote. Ndiyo maana daktari mzuri akisikia mwanaume wa miaka 46 anasema jogoo hapandi mtungi, anatoa kwanza mashine ya presha.

Na kukatika njiani nako kuna maelezo yake. Ndani ya uume mna kitu kama sponji. Damu ikiingia kwa nguvu, sponji inavimba na kuibana mishipa ya kutolea damu, kwa hiyo damu inabaki humo. Ikiingia kwa unyonge, sponji haijai vya kutosha kufunga mlango wa nyuma. Inasimama, kisha inavuja.

Kabla hujaenda popote jiangalie alfajiri. Mwanaume mzima husimama mara tatu hadi tano usiku akiwa usingizini, bila kuota chochote cha maana. Kama bado unaamka nayo imara, lakini na mama wa wajukuu zangu inagoma, mabomba hayajaharibika sana. Tafuta kilichoko kichwani: deni, ugomvi, hofu ya kushindwa tena. Hofu hiyo peke yake inaweza kukuangusha mara ya tatu na ya nne. Kama na za alfajiri zimepotea, basi ni mishipa, au neva, au dawa fulani unayomeza. Kipimo hiki si cha kukata shauri, ila daktari lazima atakuuliza, kwa hiyo nenda na jibu.

Sasa nikusimulie yangu, na mama yako asijue nimekuandikia.

Nilikuwa na miaka 58. Za alfajiri zilikwisha, nikasema ni uzee. Nikanunua unga wa mizizi kwa mtu wa stendi, nikakoroga kwenye chai. Siku ile ulifanya kazi vizuri mno, na moyo ukanidunda hadi asubuhi. Nilikuja kujifunza baadaye kwamba unga wa namna hiyo mara nyingi unachanganywa na kidonge cha hospitali kilichosagwa, na hujui umekunywa kiasi gani. Nikaacha, nikaenda kwenye zahanati moja. Mlango uko wazi, foleni inachungulia, daktari hajainua kichwa: "Tatizo?" Nikasema mgongo. Nikapewa vidonge vya mgongo. Nilirudi mara mbili na mgongo ule ule, mwanangu, na mgongo wangu ulikuwa mzima kama wa punda.

Mara ya nne nilikwenda hospitali nyingine na kikaratasi. Nilikuwa nimeandika nyumbani: "Daktari, miezi minane sasa uume hausimami vizuri. Hamu ipo. Asubuhi pia hausimami. Natumia atenololi ya presha." Nilipokaa nikakisukuma mezani. Yule kijana, mdogo kuliko wewe, akakisoma, akainuka kufunga mlango, akasema, "Mzee, leo asubuhi wewe ni wa tatu." Nikapumua.

Akaniuliza kama ilianza ghafla au kidogo kidogo. Nakojoa mara ngapi usiku? Napanda kilima bila kifua kubana? Mbege kiasi gani, sigara ngapi? Miguu inapata ganzi? Akapima presha, ikawa 158 kwa 96. Akaniambia nirudi asubuhi bila kula, nipimwe sukari, mafuta ya damu na testosteroni. Hiyo ya mwisho huchukuliwa asubuhi, kwa sababu mchana inashuka yenyewe na unaweza kuambiwa imepungua kumbe saa tu. Ikionekana ndogo, hupimwa tena siku nyingine kabla ya kuamini.

Testosteroni yangu ilikuwa sawa kwa umri. Sukari kabla ya kula ilikuwa 9.4, na kuanzia 7 ni kisukari. Ikarudiwa, 9.1. Nilikuwa nimeishi nayo sijui miaka mingapi, nikiamka kukojoa mara tatu usiku na kulaumu baridi ya mlimani. Kisukari kinaharibu mishipa na neva pamoja, kwa hiyo wanaume wenye nacho hupata shida hii miaka kumi na zaidi kabla ya wenzao. Akanianzishia metformini. Atenololi akaibadilisha, maana dawa za aina ile, na baadhi ya zile za kukojosha zinazotolewa kwa presha, zinaweza kuchangia. Hilo ni la daktari. Ukiacha ya presha mwenyewe ili upate nguvu za kiume, unaweza kupata kiharusi badala yake.

Kisha akaniandikia sildenafili ya miligramu 50. Usiku wa kwanza haikufanya kitu. Nilirudi nimekasirika. Akaniuliza nilikula nini. Nilikuwa nimetoka kwenye harusi, nimekula mbuzi na ndizi za mafuta, nikameza, nikalala chali kusubiri. Akacheka kwa adabu. Ile inamezwa saa moja kabla, tumbo likiwa halijajaa mafuta, na haisimamishi kitu peke yake: bila hamu na bila kuguswa inakaa tu. Inafungua mfereji, maji unayaita mwenyewe. Tena usiihukumu kwa usiku mmoja, jaribu mara kadhaa kwa utaratibu kabla ya kusema haifai. Wiki ya pili nilielewa.

Kuna jambo moja ambalo usilifiche hata kwa aibu. Kama kifua kinakubana ukipanda ngazi, au kuna mtu alikupa vidonge vya kifua vya kuweka chini ya ulimi, mwambie daktari kabla ya yote. Vile vikikutana na sildenafili presha inaporomoka kiasi cha kuua. Na ikitokea umesimama zaidi ya saa nne bila kushuka, nenda hospitali usiku huo huo, usingoje pakuche.

Turudi kwako. Mwaka jana ulinipigia ukasema kazini mlipimwa, presha ilikuwa juu kidogo, ukaambiwa upunguze chumvi. Ulirudi kupima? Najua hukurudi. Kwa hiyo sisemi ni uzee. Chukua karatasi uandike mambo manne tu: imeanza lini na ilianzaje, hamu ikoje, za alfajiri zipo au hazipo, na kila unachomeza, pamoja na vya kienyeji na vile vya kopo la mtandaoni. Sentensi ya kwanza iwe ile inayokuumiza. Ukianza na mgongo utatibiwa mgongo. Kama anayekupokea ni dada na unashindwa, omba wa kiume, hakuna atakayekushangaa. Kama mlango uko wazi, mwombe aufunge, hiyo ni haki yako. Akikuambia "ni umri huo" bila kugusa presha wala sukari, mshukuru, tafuta mwingine.

Na mkeo mwambie. Mama yako alikaa miezi minane akidhani nina mtu mjini. Hayo aliniambia baadaye, akiwa anamenya ndizi, bila kunitazama.

Alhamisi nashuka Arusha kuchukua pampu. Ukipata nafasi ya asubuhi hospitali, usinywe hata chai, nikukute stendi saa moja na nusu. Sitaingia ndani. Nitakaa kwenye benchi la nje na gazeti langu, na akipita mtu anayetujua nitasema tumekuja kwa ajili ya mgongo wangu.

Baba yako
Moshi