Shikaku: namba zikikataa kusema, kiulize kisanduku

Swali: Mwalimu, jambo sana. Mimi na watoto wangu, hapa Kamalondo, tunacheza Shikaku jioni kwenye kaye ya miraba. Kanuni tunazijua: uwanja unagawanywa kuwa mistatili, kila mstatili uwe na namba moja tu, namba hiyo ndiyo hesabu ya visanduku vyake, na hakuna kisanduku kinachobaki nje. Huwa naandika pembeni maumbo yote ambayo kila namba inaweza kuchukua. Kwa fumbo hili nimeandika yote, na hakuna namba yenye umbo moja tu. Tunaishia kubahatisha na kufuta mpaka karatasi inachanika. Kuna njia ya kujua bila kubahatisha?

```
    A  B  C  D  E  F
1   .  .  .  4  .  .
2   .  6  .  .  .  .
3   .  .  4  .  6  .
4   .  .  .  6  .  .
5   3  .  .  .  4  .
6   .  .  3  .  .  .
```

Jibu: Jambo sana, mama. Nimeipitia hesabu yako namba kwa namba na uko sahihi. 6 ya D4 ndiyo yenye maumbo machache kuliko zote, nayo ina mawili. 3 ya A5 na 6 ya E3 zina matatu kila moja, 3 ya C6 ina manne, na nyingine zote zina matano. Ukiendelea kuziuliza namba, utazunguka palepale. Hata hivyo fumbo hili linafunguka lote bila kubahatisha hata mara moja, na mahali pa kuanzia ni kisanduku F6, kile tupu cha kona ya chini kulia.

Tunapocheza, macho hukimbilia namba kwa sababu ndizo zilizoandikwa, na tunasahau sehemu ya pili ya kanuni: hakuna kisanduku kinachobaki bila mwenyewe. Fikiria mpimaji wa parseli mtaani kwako. Anaweza kumuuliza kila mwenye nyumba anadai mpaka hadi wapi, na kila mmoja atamtajia madai matano. Au anaweza kusimama kwenye kona tupu na kuuliza ni jirani gani anayeweza kufika pale. Akipatikana mmoja tu, kona ni yake, hata kama mipaka yake mingine haijajulikana bado.

Ili kujua kama namba inafika kwenye kisanduku fulani, hesabu safu kutoka kwenye namba hadi kisanduku, pamoja na ya mwanzo na ya mwisho. Hesabu mistari vivyo hivyo, kisha zidisha. Hicho ndicho kipande kidogo kabisa kinachoweza kuvibeba vyote viwili. Kikizidi namba yenyewe, haifiki. Kikiwa na namba nyingine ndani yake, haifiki vilevile.

Tujaribu na F6. 6 ya E3: safu mbili, E na F, mara mistari minne, 3 hadi 6, ni visanduku 8. Haifiki. 6 ya D4: safu tatu mara mistari mitatu, 9. Haifiki. 3 ya C6 ingehitaji visanduku vinne kwenda moja kwa moja, C6 hadi F6, na yenyewe ina vitatu. Zilizo mbali zaidi hazina haja ya kuhesabiwa. Imebaki 4 ya E5: safu mbili mara mistari miwili, 4 kamili. Basi mstatili wake ni E5, F5, E6, F6. Namba iliyokuwa na maumbo matano imepata moja, na hatukulinganisha maumbo yake hata kidogo.

Sasa tafuta kisanduku kilichobanwa zaidi baada ya hatua hiyo. Mimi naenda D6, kwa sababu kulia kwake pameshafungwa na jirani yake wa kushoto ni C6, yenye namba. Hapa naomba uende polepole, maana ndipo wanafunzi wangu wengi wanapoteleza. 6 ya D4 inaonekana inafika D6: safu moja, mistari mitatu, visanduku 3, na ndani hakuna namba nyingine. Lakini mstatili wake lazima uwe wa 6, si wa 3, kwa hiyo kipande hicho lazima kipanuke. Kikipanuka kushoto kinameza C6, yenye namba. Kikipanuka kulia kinaingia E5, ambayo ina mwenyewe. Kikinyooka kwenye safu D peke yake kinahitaji visanduku sita, yaani safu nzima, na D1 kuna 4. Haifiki. Kipimo cha kuzidisha kinakuambia nani hawezi kabisa. Hakikuambii nani anaweza. Anayepita kipimo lazima umtafutie mstatili wake mzima kabla ya kumwamini.

Imebaki 3 ya C6. Ili ichukue D6 ni C6 hadi E6, na E6 imekwenda, au B6 hadi D6. Basi ni B6, C6, D6.

Kona ya A6 sasa imekatwa na 3 hiyo, na anayeweza kuifikia ni 3 ya A5 tu. Inasimama wima: A4, A5, A6. Tazama imefanya nini kwa 6 ya D4. Maumbo yake mawili yalikuwa mstari wa 4 mzima, A4 hadi F4, au kipande cha B4 hadi D5. A4 imechukuliwa, kwa hiyo ni B4, C4, D4, B5, C5, D5. Hapa ndipo orodha yako ya pembeni inapolipa, nami sikuombi uitupe. Inafaa sana pale ambapo namba ina maumbo mawili na kisanduku kimoja kinaua moja lake.

Tunapanda kulia. F4 haina tena mtu wa chini wala wa kushoto, na 6 ya E3 peke yake ndiyo inayofika. Ikichukua F4 ni lazima iwe E2 hadi F4, yaani safu mbili mara mistari mitatu. Baada ya hapo F1 inabaki kwa 4 ya D1, inayolala C1, D1, E1, F1. Kona ya A1 inabaki kwa 6 ya B2. Umbo lake la safu tatu mara mistari miwili lingetaka C1, ambayo imekwenda, basi ni A1 hadi B3. Vilivyobaki ni C2, D2, C3, D3, vinne, na 4 ya C3 imo ndani.

```
    A  B  C  D  E  F
1   p  p  q  q  q  q
2   p  p  r  r  s  s
3   p  p  r  r  s  s
4   t  u  u  u  s  s
5   t  u  u  u  w  w
6   t  v  v  v  w  w
```

Kwa kuwa kila hatua ilikuwa ya lazima, tumejua pia kwamba jibu ni moja tu. Anayebahatisha na kufaulu hajui hilo. Amepata jibu, lakini hawezi kusema kama hakuna jingine.

Kuhusu kuchagua kisanduku cha kuuliza: pembe nne kwanza, maana zinafikiwa kutoka pande mbili tu. Kisha kingo. Kisha vile vilivyoegemea mstatili uliokwisha kufungwa, kama D6 ilivyokuwa baada ya hatua ya kwanza. Kisanduku cha katikati ya uwanja ulio wazi kina wadai wengi, na kukiuliza mapema ni kupoteza muda. Hata pembe si zote zinajibu mwanzoni. Katika fumbo lako, A1 ilikuwa na wadai wawili, 4 ya D1 na 6 ya B2, kwa hiyo ungeiacha na kurudi baadaye.

Utakutana na mafumbo makubwa, ya safu 10 au zaidi, ambamo kwa muda hakuna kisanduku chenye mdai mmoja. Hapo rudi kwenye namba yenye maumbo machache, lakini usijaribu kuchagua kati yake. Angalia visanduku vilivyomo katika maumbo yake yote. Chukua tena 6 ya D4 kabla hatujaanza: mstari mzima wa 4, au B4 hadi D5. Iwe hili au lile, B4, C4 na D4 ni vyake. Vitie alama ya krayo mara moja, ingawa hujui mstatili unaishia wapi. Alama hiyo peke yake inaifutia 6 ya B2 maumbo mawili, lile la A2 hadi B4 na lile la safu B nzima. 4 ya C3 inapoteza matatu kati ya matano yake, na 3 ya C6 haiwezi tena kusimama wima. Hakuna mstatili uliofungwa, na bado uwanja umepungua sana. Namba kubwa huzaa visanduku vya lazima vya namna hii zaidi kuliko ndogo, hasa zikiwa karibu na ukingo, kwa sababu hazina pa kwenda.

Namba zisizogawanyika, kama 5, 7 na 11, zina jambo lao. Mstatili wa 5 ni visanduku vitano kwenye mstari mmoja tu, wima au mlalo. Kwa hiyo kisanduku kilichokaa mshazari kutoka kwenye 5 hakifikiwi nayo kamwe, hata kama kuzidisha kunatoa 4, ambayo ni chini ya 5. Watoto wakilishika hilo mapema, watapunguza kufuta kwa kiasi kikubwa.

Na mkijikuta mmekwama kabisa, jumlisheni namba zote kabla ya kulaumu akili. Fumbo hili lina visanduku 36, na 4, 6, 4, 6, 6, 3, 4 na 3 vinatoa 36. Jumla isipolingana, kuna namba iliyonakiliwa vibaya kwenye kaye. Ikilingana na bado mmefika pabaya, tafuteni kisanduku ambacho sasa hakuna namba inayoweza kukifikia. Mara nyingi kosa liko kwenye mstatili mmojawapo unaokigusa, au ule unaoizuia namba iliyopaswa kukifikia. Futeni huo tu, si ukurasa mzima.