Paka mwoga anayekuja kula kwako: ni shume au alishawahi kuwa na mwenyewe?

Mwezi wa nne mwaka jana, masika imekolea hapa Moshi, nikawa nasikia vitu vinaanguka usiku nyuma ya banda la kuku. Nikajua ni kicheche. Kumbe paka, jike wa kijivu, amekonda mpaka mbavu unazihesabu, ukitoka tu na tochi hafu anapotea chini ya tenki la maji. Mama akaniambia mwanangu achana na huyo, hilo ni shume, halifugiki.

Sa hapo ndo pa kuanzia, maana shume na paka aliyepotea wote wanakukimbia siku ya kwanza, yaani huwezi kuwatofautisha kwa woga peke yake. Shume hajawahi kuguswa na mtu akiwa mdogo. Paka anazoea binadamu kirahisi akiwa na wiki 2 mpaka 7 hivi, akipita hapo bila kushikwa basi kumbadilisha ukubwani ni kazi ya miezi na mara nyingi haifiki mwisho. Aliyepotea yeye alishazoea, ameogopa tu kwa mawe na mbwa, kwa hiyo ukimpa muda anakumbuka.

Mi nlichofanya ni chakula, saa moja jioni kila siku, mahali palepale. Dagaa nachemsha kuondoa chumvi, nachanganya na ugali kidogo. Maziwa usimpe, paka wengi wakubwa yanawaharisha. Nikiweka sahani naenda kukaa kwenye kigoda kama hatua kumi hivi, nimempa ubavu, simwangalii, nachezea simu yangu, na baada ya nusu saa sahani naitoa hata kama hajala ili aelewe kwamba chakula kinakuja na mimi na kinaondoka na mimi. Siku nne za kwanza hakutoka kabisa. Ya tano akala huku masikio yamelala. Kila akila bila kunikodolea nasogeza kigoda hatua moja kesho yake, akisita narudi nyuma, hakuna haraka.

Wiki ya pili nikaharibu mwenyewe. Nikaona ameinamia sahani, nikajifanya mjanja nikamdaka shingoni. Bana aliniuma kidole mpaka jino likaingia. Hapo usilete mchezo wa kupaka mafuta ya taa, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 hafu nenda hospitali siku hiyohiyo ukaulizie chanjo ya kichaa cha mbwa, paka naye anaubeba na ukishaonyesha dalili huponi. Mi nilichoma. Na paka wa porini ambaye ghafla tu anakufuata mchana kweupe hana woga, au anarukia watu, au anadondosha mate, huyo usimsogelee kabisa, hajazoea huyo, anaumwa.

Baada ya lile kosa nilirudi hatua kumi, nikaanza upya. Kitu kimoja kilisaidia sana, akiniangalia nafumba macho taratibu nafumbua, naangalia pembeni. Paka kukodolewa macho anaona ni ugomvi. Wiki ya tano kama sikosei akanijibu, akafumba na yeye. Siku mbili baadaye nimechelewa kutoka, nasikia nyau, nyau, mlangoni, mkia umesimama wima. Hapo nikajua huyu ana historia na watu, kwa sababu shume hamlilii mtu nyau, anakaa kimya au anakufokea tu.

Kumgusa nilianza kwa kumpa kidole anuse, akakisugua kwa shavu, nikamkuna shavuni mara mbili nikaacha kabla hajachoka. Tumbo usiguse. Mkia ukianza kupiga piga chini, toa mkono.

Wakati huohuo kulikuwa na dume moja la rangi ya chungwa, lilikuja kula mabaki, nikalifanyia hivyohivyo miezi mitatu nzima. Halikuwahi kula nikiwa karibu ya hatua sita, halikulia, likijikuta kwenye kona linapanda ukuta. Hilo nimeamua kutolifungia ndani, kulifungia ni kulitesa tu. Linapata sahani yake, panya wa stoo wamepungua, ila nataka kulitega nilipeleke likahasiwe maana madume yanapigana usiku na kumwaga mkojo mlangoni.

Jike nilimzoesha tenga kwanza, chakula naweka humo wiki nzima, hafu siku moja nikafunga nikapanda bajaji mpaka kwa daktari wa mifugo. Chanjo, dawa ya minyoo, na kufungwa kizazi, maana mimba ya paka ni kama siku 65 tu, ukizubaa unao watano. Sa hivi analala stoo juu ya gunia, ndani anaingia mvua ikinyesha. Kubebwa bado hataki. Mama ndo anamwekea dagaa siku hizi, na bado anamwita shume.