"Haikupatikana" si sawa na "ni mpya": video zilizogeuzwa kama kioo

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Kwenye grupu letu imeletwa video ya sekunde 40 ya mafuriko, wanasema ni Bujumbura juzi. Magari yanapita kulia kama kwa wenzetu kule, nikaona ni kweli. Nimepiga skrinishoti nikaitafuta Google na Yandex, sikupata kitu. Programu moja ya kukagua video nayo imeniambia ni "original". Naweza kuiweka kwenye ukurasa wangu kama habari mpya? Video nimekuambatishia. (Msomaji, Kigoma)

Jibu: Usiiweke, ndugu yangu. Hiyo video imegeuzwa kushoto kwenda kulia, kama unavyoona vitu kwenye kioo, na hayo magari unayoyaona upande wa kulia yalikuwa yanapita kushoto siku iliporekodiwa.

Isimamishe kwenye sekunde ya 12, Haisi inapogeuza ukaona mgongo wake. Mlangoni kuna herufi za chapa ya gari. Jicho lilizipita kwa sababu kila herufi imekaa sawasawa, hakuna iliyopinduka. Sasa zisome moja moja: ATOYOT. T, O, Y na A zina pande mbili zinazofanana, kwa hiyo kioo hakiziharibu umbo, kinabadilisha mpangilio wake tu. Ingekuwa kuna R, S au K pale ungeshtuka mara moja. Aliyegeuza video amefuta kibao cha namba kwa ukungu na kuvuta picha karibu ili mabango ya maduka yabaki nje, lakini hilo neno limempita, kama lilivyokupita wewe.

Kisha nenda sekunde ya 17, kwenye bodaboda iliyoegeshwa kibarazani. Stendi ya pembeni ya pikipiki iko kushoto kwa aliyekaa juu yake, upande wa gia, na ikiegeshwa hulalia upande huo. Hii imelalia kulia. Fundi hawezi kuhamisha kitu kama hicho kwa matakwa ya mteja. Nikiletewa video ya mtaani isiyo na maandishi yoyote, ninachokitafuta kwanza ni pikipiki iliyoegeshwa, au baiskeli, ambayo cheni yake iko kulia.

Usukani nao umetoa jibu, ingawa hapo uwe mwangalifu. Burundi wanaendesha kulia, lakini barabarani kwao yapo magari mengi yaliyotoka Japani yenye usukani kulia. Kwa hiyo mtaa wa Bujumbura kwa kawaida una mchanganyiko. Katika video yako kila gari lina usukani kushoto, hata Noah ile nyeupe, na Noah zinazofika huku zilitengenezwa kwa barabara za Japani. Mtaa mzima wa magari ya Kijapani yenye usukani kushoto ni wa kutilia shaka. Ukiugeuza, kila kitu kinarudi mahali pake: magari yanapita kushoto, usukani uko kulia, mlango wa daladala unafungukia kando ya barabara. Hiyo ni Tanzania, Kenya au Uganda.

Nikaigeuza, nikatafuta tena. Fremu ya sekunde ya 9 ikaleta video ndefu zaidi, iliyopandishwa miaka minne iliyopita, ya maji yaliyofurika Jangwani, Dar es Salaam. Nyufa za ukuta ni zilezile, mtu mwenye mwavuli wa bluu ni yuleyule, ila ametokea upande wa pili wa picha.

Sasa nije kwenye jambo linalonisumbua karibu kila wiki: "Nimetafuta, sijapata, kwa hiyo ni mpya." Matokeo matupu yanakuambia kwamba mashine haikutambua picha uliyoipa. Hayakuambii kitu kuhusu tarehe ya tukio.

Chukua njia moja rahisi ya kulinganisha picha, inayoitwa dHash. Programu inaipunguza picha hadi vidoti 9 kwa 8, bila rangi, kisha kwa kila mstari inauliza: kidoti hiki kina mwanga kidogo kuliko cha kulia kwake? Ndiyo au hapana. Majibu yote yanakuwa 64, na hayo ndiyo alama ya picha. Mstari ambao mwanga unaongezeka kuelekea kulia, tuseme 20, 40, 60, 90, unatoa ndiyo, ndiyo, ndiyo. Ugeuze kama kioo uwe 90, 60, 40, 20, unapata hapana, hapana, hapana. Ni picha ileile, lakini majibu yote matatu yamegeuka. Si kila mstari unageuka hivyo. Kwa ujumla utakuta karibu nusu ya yale 64 yamebadilika, na nusu ndiyo tofauti unayoitarajia kati ya picha mbili zisizohusiana kabisa. Uso ulio katikati ukitazama mbele unaweza kupona kwa sababu pande zake zinafanana. Mtaa wenye jengo upande mmoja na mto upande mwingine hauponi.

Injini kubwa za leo hazitegemei njia hiyo peke yake, na mara nyingine hupata picha iliyogeuzwa bila shida. Lakini huwezi kujua zimefanya hivyo lini na zimeshindwa lini. Kwa hiyo unatafuta mara mbili, mara zote: picha kama ilivyo, na picha iliyogeuzwa. Kama una kompyuta yenye programu ya ffmpeg, amri hizi mbili zitakutolea fremu moja kwa kila sekunde, kwa namna zote mbili:

```
ffmpeg -i klipu.mp4 -vf "fps=1" kawaida_%03d.png
ffmpeg -i klipu.mp4 -vf "fps=1,hflip" kioo_%03d.png
```

Kwa video yako zitatoka picha kama 40 kwa kila upande. Usizitafute zote. Chagua nne au tano zilizotulia, zenye majengo au kitu kisichohama, kisha kata kingo za urembo, emoji na maandishi yaliyobandikwa juu, kwa sababu hivyo navyo vinaipoteza mashine. Kwenye simu, sehemu ya kuhariri picha ina alama ya kugeuza kwa kioo, mara nyingi pembetatu mbili zinazotazamana. Usichanganye na kuzungusha. Watu wananiletea picha waliyoipindua miguu juu wakidhani wameigeuza, kisha wanasema hawajapata kitu.

Kuhusu hiyo programu iliyokuambia "original": ifute. Nimezijaribu za aina hiyo, na nyingi zinasoma tu taarifa zilizoandikwa ndani ya faili. Video iliyopita WhatsApp imebanwa upya, na taarifa za simu iliyorekodi zimeondolewa. Programu inakuta faili safi, inakupa tiki ya kijani. Wanaouza programu hizo wanafahamu hivyo, na bado wanawauzia wanahabari wachanga uhakika ambao hawana. Tena kugeuza picha hakuachi alama ndani yake inayosema "nimegeuzwa". Ukipewa video mbili, moja ni kioo cha nyingine, na hakuna kitu cha dunia halisi ndani yake, hakuna mtu atakayekuambia kwa kuzitazama tu ipi ni ya kwanza. Ndiyo maana tunategemea stendi ya pikipiki na herufi za mlangoni.

Lakini si kila kinachoonekana kinyume ni ushahidi. Bendera ya Tanzania ukiitazama kwa nyuma, mstari wake mweusi unalala upande mwingine kabisa, sawasawa na ungekuwa kwenye kioo, kwa hiyo bendera inayopepea haithibitishi chochote. Mtu mmoja akila kwa mkono wa kushoto huenda ni mashoto. Ukumbi mzima wa harusi ukila pilau kwa kushoto, hapo una neno la kusema. Na ambulensi ndiyo imewaponza wengi: mbele yake neno AMBULANCE mara nyingi huandikwa kinyume makusudi, ili dereva aliye mbele alisome vizuri kwenye kioo chake. Katika video iliyogeuzwa neno hilo linasomeka safi, na mtazamaji anaapa kwamba video iko sawa.

Wala kugeuzwa si lazima kuwe na hila. Kamera ya mbele ya simu hukuonyesha kama kioo unapojirekodi, na simu nyingine huhifadhi hivyohivyo kulingana na mpangilio. Binti anayejirekodi akisuka nywele, maandishi ya fulana yake yakiwa kinyume, hajamdanganya mtu.

Ya kwako ni tofauti. Imegeuzwa, imevutwa, kibao kimefutwa, na sauti imefunikwa na muziki. Kugeuza picha hakugusi sauti hata kidogo, na mifumo ya kulinda hakimiliki husikiliza sauti kama inavyotazama picha. Anayefunika sauti anajua hilo. Nadhani aliyeanza alitaka kuipandisha video ya mwenzake bila kukamatwa na mfumo, na hakuwa na habari na Bujumbura. Baadaye mwingine akaona magari yanapita kulia, akajiongeza. Hivi ndivyo wizi wa video unavyozaa habari ya uongo bila aliyeiba kuwa na nia hiyo.

Nawaambia pia vijana wanaonunua zile "kozi" za kukwepa hakimiliki, ambazo somo lake la kwanza ni kugeuza video: mnaibiwa. PDQ, mfumo wa kulinganisha picha ambao Facebook iliuweka wazi mwaka 2019, unaweza kukokotoa alama za picha moja katika mikao minane kwa mpigo, ikiwemo ya kioo. Kazi hiyo ni ndogo mno kwa kompyuta. Video yako ikipita leo, mwenye mali anaweza kuidai mwezi ujao, na haki yake haipungui kwa sababu wewe umebonyeza kitufe cha kioo.

Sasa ufanye nini na video hii. Kupata ile ya Jangwani kunathibitisha kwamba picha hizi zilikuwepo miaka minne iliyopita, basi. Hakuthibitishi kwamba Bujumbura hakukunyesha juzi. Kama kweli maji yamejaa kule, aliyepo ana video yake. Mwambie aliyeileta kwenye grupu akupe namba ya aliyemtumia, na huyo naye vivyo hivyo. Ukimfikia anayesema amerekodi mwenyewe, muombe akutumie faili kama dokumenti, isibanwe, pamoja na sekunde chache za kabla na za baada. Aliyerekodi kweli huwa nazo kwenye simu.